Usaili wa haki: maksi ziandikwe kabla hamjaanza kuongea

Msailiwa wa mwisho akishatoka tu mlangoni, bosi anajinyoosha kwenye kiti anasema "mimi nimempenda yule wa pili, anajielewa". Hapo wengine wawili waliokaa nae wanatingisha vichwa, kikao kimeisha na mtu kapata kazi. Nimeona hii ofisi nyingi sana hapa Dar, kubwa kwa ndogo, na hata zile zenye fomu nzuri ya maksi mambo yanaenda hivohivo, maana fomu inajazwa baadae ili ifanane na kile bosi alichosema. Watano wamechujwa kutoka kwenye rundo la sivii, wamepanda daladala toka Mbagala na Kibamba, wamejibu maswali, halafu kilichoamua ni mtu mmoja kapenda sauti ya mtu.

Nataka nieleze jinsi ya kufanya usaili ambao maksi zinatoka kwenye majibu kweli. Nitatumia mfano mmoja wa kutunga, ila wa kazi tunayoijua wote: msambazaji wa vinywaji na vyakula pale Vingunguti anatafuta msimamizi wa ghala, stoo kipa mkuu. Waliochujwa ni watano, wote wana uzoefu, na jopo ni watu watatu, yaani meneja wa operesheni, mhasibu na afisa utumishi.

Kazi inaanza kabla hata hamjapanga tarehe. Kaeni na mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo au anayemsimamia anayeifanya, mumuulize vitu viwili: wiki nzima mtu huyu anafanya nini, na akiwa mbovu kampuni inapoteza nini. Kwa ghala letu majibu yakawa manne. Kuhesabu stoku na kujua upungufu umetoka wapi, kusimamia vibarua wa kushusha na kupakia, kukataa mzigo usitoke bila karatasi, na kuandika ripoti fupi ya kueleweka. Hayana uzito sawa, kwahiyo la kwanza likapewa uzito wa 3, mawili ya kati 2 kila moja, na ripoti 1. Kila eneo linapewa maksi 1 mpaka 5, unazidisha na uzito, jumla ya juu kabisa inakuwa 40. Hamna eneo la "muonekano" wala "kujiamini" wala "kingereza", kwasababu hamna hata mmoja aliyeweza kueleza kwamba mzigo ulipotea sababu stoo kipa alikuwa na aibu. Kama kazi inadai kingereza, mfano kuandikiana na wauzaji wa nje, kiwekeni kama eneo lake chenye uzito wake, msikiache kijipenyeze kwenye kila swali. Na kama hakidaiwi, waacheni watu wajibu kwa Kiswahili, maana mtu anaetafuta maneno ya kingereza kichwani hawezi akakueleza vizuri alivyotafuta katoni zilizopotea.

Baada ya hapo ndio maswali, na hapa watu wengi wanakosea kwa kuuliza "una nguvu gani na udhaifu gani" au "utafanyaje kazi chini ya presha". Haya unaweza ukayajibu kwa kukariri. Swali letu la stoku likaandikwa hivi: "Tuambie mara ya mwisho ulipohesabu mzigo ukakuta idadi ya ghalani haikubaliani na ya kwenye daftari au kwenye mfumo. Ilikuwa bidhaa gani, wewe ulifanya nini hatua kwa hatua, na iliishaje?" Linaulizwa kwa maneno hayohayo kwa wote watano, na msaili huyohuyo. Maswali ya nyongeza yanaruhusiwa matatu tu, nayo yameandikwa: wewe mwenyewe ulifanya nini, ulijuaje, na baada ya hapo ikawaje. Ukimuachia msaili achokonoe anavyotaka, yule aliyempenda atamsaidia kwa maswali ya kumbeba na yule asiyemvutia atamuacha aelee, na mara nyingi hajui hata kama anafanya hivyo.

Sasa mwongozo wa maksi wenyewe, ambao ndio moyo wa kitu chote. Fomu nyingi zimeandikwa 1 ni hafifu, 3 ni wastani, 5 ni bora sana, na hiyo haisaidii kitu maana wastani wangu na wastani wako ni vitu viwili tofauti. Kinachotakiwa ni kuandika jibu la maksi 1 linasikikaje, la 3 linasikikaje na la 5 linasikikaje, kwa maneno ya kazi yenyewe. Kwa swali la stoku tukaandika hivi: maksi 1 ni mtu hana mfano, au anasema alibadilisha namba kwenye daftari ili zifanane. Maksi 3 ni mtu alihesabu upya, akalinganisha na dilivari noti na invoisi, akaripoti upungufu kwa kiasi chake. Maksi 5 ni hayo yote ya 3, pamoja na kwamba alisimamisha mzigo usitoke wakati anahesabu, alimwita mtu mwingine ahesabu nae, akaipata sababu, na akabadilisha utaratibu ili isijirudie. Mbili na nne ni za waliosimama katikati, mfano mtu kafanya ya 3 halafu sababu kaipata lakini hakubadilisha kitu, huyo ni 4.

Kabla ya kuutumia mwongozo ujaribuni kwa mtu anayefanya kazi kama hiyo na mnaejua ni mzuri. Mwiteni mumuulize swali, msikilize. Kama stoo kipa wenu bora kuliko wote anapata 3, basi mmeandika kitabu cha ndoto, rekebisheni. Na kama kila mtu mnaemjaribu anapata 5, swali ni jepesi mno halitawatenganisha watu.

Swali la mzigo bila karatasi lilileta ubishi zaidi na nadhani linastahili kuelezwa. Tulitaka kulifanya la mazingira, sio la historia, kwasababu hamna mtu atakayekusimulia siku aliyotoa mzigo kinyemela. Rasimu ya kwanza ilisema tu "dereva amekuja bila karatasi unafanyaje", na jibu la kila mtu lingekuwa "simpi". Swali la namna hiyo halipimi kitu maana halina mvutano. Likaandikwa upya: "Utaratibu wa hapa ni kwamba mzigo hautoki bila hati iliyosainiwa. Saa 12 jioni mlinzi anataka kufunga, anakuja dereva wa kampuni unayemfahamu vizuri, anasema meneja mauzo kamruhusu achukue katoni 20 za soda kwa ajili ya harusi ya mteja mkubwa inayoanza usiku huohuo, hati italetwa kesho. Simu ya meneja mauzo haipatikani. Unafanyaje?" Kanuni imetajwa wazi, kwahiyo humpimi kama anaujua utaratibu wa kampuni ambayo hajawahi kufanya kazi, unapima anavyobeba mzigo wa pande mbili. Maksi 1 anatoa. Maksi 2 anatoa ila anamsainisha dereva kwenye daftari. Maksi 3 anakataa na kueleza sababu. Maksi 5 anakataa kwa heshima, anamtafuta mtu mwingine mwenye mamlaka ya kusaini, na anaandika kilichotokea ili asubuhi kisigeuke ugomvi wa maneno matupu.

Ila hapa muwe wakweli. Kama kwenye kampuni yenu mzigo unatoka kwa simu ya bosi kila siku, msiandike mwongozo unaomwadhibu mtu kwa kusema hivyo. Rekebisheni ghala kwanza.

Kitu kingine cha kuamua mapema ni kizingiti. Tulikubaliana kwamba anayepata chini ya 3 kwenye eneo la mzigo bila karatasi haendelei, hata jumla yake iwe kubwa vipi, kwasababu uhodari wa kuandika ripoti hauwezi kufidia mlango unaovuja. Na tukakubaliana wawili wakipishana maksi 2 au pungufu tuwahesabu kama wako sawa, halafu anayetangulia ni yule mwenye maksi kubwa zaidi eneo la stoku, na wote wawili tunawapigia wadhamini wao. Haya yote yaliandikwa na kusainiwa siku moja kabla. Kizingiti kinachowekwa baada ya kuona maksi kinakuwa kimewekwa kwa ajili ya mtu.

Siku yenyewe kila mmoja anapewa dakika 40, na baada yake jopo lina dakika 10 za kimyakimya. Kila msaili anaandika maneno aliyoyasikia wakati mtu anaongea, sio hisia zake, yaani anaandika "alifunga mlango, akamwita mhasibu", haandiki "mzuri, ametulia". Akitoka, kila mmoja anasoma mwongozo, anatafuta kwenye notisi zake jibu linaangukia wapi, anaandika maksi kwa peni na kumkabidhi afisa utumishi karatasi kabla mtu yeyote hajasema neno. Hata "duh, huyu!" hairuhusiwi. Najua inaonekana kama ni ukali usio na sababu ila sentensi moja ya bosi inatosha kabisa kusogeza maksi za wengine wawili, hasa kwetu ambapo kumpinga mkubwa mezani ni jambo gumu. Na msilinganishe mtu na aliyemtangulia, mlinganisheni na karatasi, maana mtu wa kawaida akiingia baada ya mtu mbovu anaonekana dhahabu.

Mazungumzo ya kupasha moto mwanzoni nayo yaangaliwe. Sisi tumezoea "karibu, kwenu wapi?", tunadhani ni ukarimu, kumbe tumeshajua mtu ni Mhaya au Mmakonde kabla hajajibu swali la kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa kabila au sehemu mtu anapotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, VVU, umri na mengineyo, na inamlinda hata mwombaji wa kazi, sio mpaka uajiriwe. Kwahiyo "umeolewa?" na "watoto wako wadogo nani atabaki nao?" hayaulizwi. Kama wasiwasi wako ni muda, uliza muda, na uwaulize wote, wanaume kwa wanawake: "Mwisho wa mwezi kazi inafika saa 2 usiku, kuna kitu kitakachokuzuia?" Dakika mbili za mwanzo zitumieni kumweleza utaratibu, kwamba kuna maswali matatu na kazi moja ya kuandika, kwamba mtakuwa mnaandika notisi, kwamba akitaka kufikiri kidogo kabla ya kujibu ruksa. Hilo linamtuliza mtu kuliko kumuuliza kwao.

Na kama mmoja wa jopo anamjua msailiwa, ni shemeji, ni jirani, ni mtoto wa rafiki aliyeleta kimemo, aseme mapema na kwenye usaili wa mtu huyo akae nje. Kukaa ndani akiahidi kutopendelea haitoshi. Bora zaidi ni kumbadilisha kwa siku nzima ili wote watano wapimwe na watu walewale.

Haya, tuangalie maksi. Msailiwa wa pili alikuwa na shahada, anaongea kwa ufasaha, na kwenye swali la stoku alisema, "Sisi tulikuwa na mfumo mzuri sana, tulikuwa tunahesabu kila mwisho wa mwezi, tukigundua tofauti tunalinganisha rekodi zote halafu tunaishughulikia kwa haraka." Akaulizwa yeye mwenyewe alifanya nini, akarudi kulekule, "kwakweli tulikuwa timu nzuri". Hamna bidhaa, hamna idadi, hamna mwisho wa hadithi. Wa nne alikuwa mpole, sauti ya chini, anaangalia meza. Akasema zilipungua katoni 18 za juisi. Alifunga mlango wa kutolea mzigo, akamwita mhasibu wahesabu wote, wakapata ileile. Akapitia dilivari noti za wiki nzima akakuta moja imesainiwa katoni 60 wakati gari lilishusha 42, kibarua alihesabu tabaka za juu akadhani za chini zimejaa. Wakampigia muuzaji, akakubali kufidia 18. Tangu hapo anayesaini sio anayeshusha, na mzigo unahesabiwa kabla gari halijawashwa.

Wa nne akapewa 5 na mhasibu, 5 na afisa utumishi, na 2 na meneja wa operesheni. Wa pili akapewa 2, 2, na meneja akampa 4. Maeneo mengine matatu watatu wao walikubaliana: wa pili alipata 4 kwa vibarua, 3 kwa mzigo bila karatasi na 5 kwa ripoti, wa nne akapata 3, 4 na 3. Ukichukua karatasi ya meneja peke yake, wa pili ana 12 na 8 na 6 na 5, jumla 31, na wa nne ana 6 na 6 na 8 na 3, jumla 23. Huyo meneja ndio mkubwa pale mezani. Angeanza yeye kuongea, kazi ingekuwa ya wa pili na wenzake wangeona hata wao waliona hivyo.

Utaratibu ulikuwa kwamba maksi zikipishana kwa 2 au zaidi ndio zinajadiliwa, na mjadala unaanza na mwenye cheo kidogo, na kila mtu anasoma notisi zake kwa sauti. Meneja alisoma zake za msailiwa wa nne: "anasita, hajiamini, haangalii watu". Akaulizwa lipi kati ya hayo liko kwenye mwongozo. Hamna. Akarudi kwenye yale aliyoyasikia, mlango, mhasibu, noti ya 60, utaratibu mpya, akapandisha mpaka 4 na sio 5 kwasababu aliona kufidiwa na muuzaji hakukuthibitishwa vya kutosha. Hiyo ni sababu halali, inahusu jibu, wenzake wakaiacha. Wa pili akamshusha mpaka 2. Maksi za zamani hazifutwi, zinakatwa mstari mmoja, mpya inaandikwa pembeni na sababu yake na saini.

Kupata maksi ya eneo unachukua wastani wa watatu unazidisha na uzito. Wa nne stoku ni 5, 5 na 4, jumla 14, gawa kwa 3, zidisha kwa 3, inabaki 14. Ongeza 6, 8 na 3 unapata 31. Wa pili stoku inakuwa 6, ongeza 8, 6 na 5 unapata 25. Wa kwanza alikuwa na 30, wa tatu 19. Na wa tano ndio aliyeongoza, 32.

Ila wa tano kwenye dereva wa harusi alisema, "namsainisha kwenye daftari tu, tunafahamiana, na mteja mkubwa huwezi kumwangusha." Hiyo ni 2, wote watatu waliandika 2. Hapa ndipo kizingiti kinapouma, maana stoku alipata 5, ripoti 5, na mtu yeyote angetamani kusema jamani ni swali moja tu. Hakuendelea. Naona ni sahihi, kwasababu tulishasema tukiwa hatujamuona kwamba hilo ndilo tusiloweza kulivumilia. Wakabaki wa nne mwenye 31 na wa kwanza mwenye 30, tofauti ya maksi moja ambayo haina maana yoyote ya kujivunia, msaili mmoja akiamka vibaya inageuka. Wakahesabiwa sawa, wa nne akatangulia kwa stoku, wadhamini wa wote wawili wakapigiwa.

Kuna kero ya maswali kuvuja. Wa kwanza akitoka anawakuta wenzake benchini, au anatuma wasapu, na wa tano anaingia ameshajipanga. Swali la "mara ya mwisho" linahimili kuvuja kwasababu huwezi kutunga hadithi ya katoni 18 kwenye nusu saa ukaweza kujibu "ulijuaje". La dereva linavuja vibaya zaidi, kwahiyo wafanyeni wote siku moja na watoke bila kupita wanaosubiri. Siku ya mvua kubwa, barabara zikijaa maji, amueni kabla kwamba kila aliyechelewa na kutoa taarifa anapangiwa mwisho bila kukatwa maksi, sio mmoja mnamuelewa mwingine mnamwita mzembe.

Pia msidhani utaratibu huu unaona kila kitu. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipitia upya tafiti za miaka mingi za namna ya kuchagua wafanyakazi, ambapo 0 maana yake kipimo hakitabiri utendaji kabisa na 1 kinatabiri bila kosa. Usaili wenye maswali na maksi zilizopangwa ulikuwa juu ya vipimo vyote, wastani wa 0.42, na ule wa kuongea tu ukapata 0.19. Yaani wa kupanga ni mara mbili na zaidi, na bado 0.42 iko mbali sana na 1, utampata mtu wa 31 akaja kuwa wa kawaida. Kwahiyo kipindi cha majaribio kitumike kweli.

Karatasi zote zikae kwenye faili moja lililofungwa, za aliyepata na za waliokosa, maana mtu akilalamika ndizo zitakazoonyesha kwanini. Zisipigwe picha na kurushwa kwenye gurupu la ofisi pamoja na sivii za watu, hizo ni taarifa binafsi na kuna sheria yake ya 2022. Waliokosa wapigiwe simu, waelezwe eneo gani liliwaangusha. Halafu miezi sita mbele toeni karatasi ya aliyeajiriwa, muweke maksi zake pembeni ya kazi anayoifanya, eneo kwa eneo. Kama alipata 3 kwa vibarua na leo ndio anawaongoza vizuri kuliko vyote, swali lenu la vibarua linahitaji kuandikwa upya kabla ya usaili unaofuata.